Pungua na punguza: je, ni M-Pesa iliyoshusha umaskini Kenya?

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma masomo ya maendeleo. Niliandika insha kwamba M-Pesa ilipunguza umaskini Kenya: ilianza 2007, na kati ya 2005/06 na 2015/16 umaskini ulishuka kutoka asilimia 46.6 hadi 36.1. Msahihishaji ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwenda pamoja si kusababishana." Takwimu zangu ni za kweli. Nimekosea wapi, na ni lini naruhusiwa kusema jambo moja limesababisha jingine?*

Marahaba. Takwimu zako ziko sawa, na tarehe pia: Safaricom walizindua huduma ile Machi 2007, na viwango hivyo viwili vya umaskini ndivyo vilivyotolewa na shirika la takwimu la Kenya. Kosa liko kwenye kitenzi. Kwamba umaskini ulipungua, hilo limepimwa. Kwamba M-Pesa iliupunguza, hilo halimo kabisa katika takwimu ulizotaja. Kati ya pungua na punguza kuna herufi moja, z, na herufi hiyo ndiyo iliyobeba dai lote la insha yako.

Chukua kalamu upitie insha tena, upigie mstari kila kitenzi cha kutendesha: imepunguza, imeshusha, imeboresha, imekuza. Kwa kila kimoja jiulize: nina ushahidi wa kutendesha, au nina ushahidi wa kutenda tu? Mara nyingi utakuta mkononi una shuka, boreka na kua, halafu sentensi yako imeandika shusha, boresha na kuza. Kwenye insha ninazosahihisha, kosa hili huingia hapo hapo, kimyakimya, bila mwandishi kukusudia kudanganya.

Kuna na neno jingine linalonisumbua zaidi, kwa sababu lina sura mbili: kufuatia. Magazeti huandika "barabara imefungwa kufuatia mvua kubwa", na kila msomaji anaelewa kuwa mvua ndiyo sababu. Lakini kwa maana yake ya asili kufuatia ni kuja nyuma tu. Wewe umeandika "kufuatia ujio wa M-Pesa, umaskini ulishuka." Msomaji anasikia kwa sababu ya; ukibanwa utasema ulimaanisha baada ya. Neno kama hilo lisibebe hoja. Andika baada ya kama una tarehe tu, na uweke kutokana na pale utakapokuwa umethibitisha.

Sasa tuangalie takwimu zenyewe zinaweza kubeba nini. Una vipimo viwili, vimepishana kwa miaka kumi. Havisemi umaskini ulishuka mwaka gani ndani ya miaka hiyo. Unaweza kuwa ulishuka kidogo kidogo, unaweza kuwa ulipanda baada ya ghasia za uchaguzi wa mwisho wa 2007, zilizofuatwa na ukame, kisha ukashuka kwa kasi. Vipimo vyako havitofautishi hali hizo, na insha yako imeruka mwaka 2008 kana kwamba haukuwepo.

Halafu fikiria yaliyotokea Kenya ndani ya muda huohuo. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Mwaka 2010 ikapatikana katiba mpya, na kuanzia 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi na fedha zikateremka huko. Barabara zilijengwa. Watoto walioingia shule za msingi bila ada mwaka 2003 walikua wakaingia kwenye ajira. Simu zenyewe zilienea, na hata isiyotuma pesa inamwezesha mkulima kuuliza bei ya mahindi kabla ya kupakia gunia. Kwa hiyo fanya jaribio hili: futa neno M-Pesa kwenye insha yako, uandike kaunti au barabara badala yake. Je, kuna takwimu hata moja utakayolazimika kuibadilisha? Hakuna. Ushahidi unaomfaa kila mshtakiwa kwa kiwango kilekile haujamtia yeyote hatiani.

Angalia pia yaliyotangulia. Utafiti wa 1997 ulikuta kama asilimia 52 ya Wakenya wako chini ya mstari wa umaskini. Kufikia 2005/06 ilikuwa imebaki asilimia 46 na ushei. Maana yake, kabla hata ya wakala wa kwanza kufungua kibanda, umaskini ulikuwa tayari unashuka kwa takriban pointi 0.7 kwa mwaka. Ungeendelea na mwendo huohuo kwa miaka kumi zaidi, ungeshuka karibu pointi 7 bila M-Pesa. Ulishuka pointi 10.5. Kinachohitaji maelezo mapya, basi, ni kama pointi 3 na nusu, na hizo nazo zina wadai wengi. Hesabu hii usiitegemee kupita kiasi, kwa sababu mbinu za kupima za 1997 hazikuwa sawa kabisa na za baadaye. Nimekuonyesha ili uone jinsi swali linavyobadilika. Wewe uliuliza nani ameshusha pointi 10. Swali halisi ni nani ameongeza kasi ya kitu kilichokuwa tayari kwenye mteremko.

Kisha vuka mpaka uje kwetu. M-Pesa ilianza Tanzania 2008 kupitia Vodacom, na miaka ya mwanzo ilikwenda taratibu. Iliposhika, ilishika kweli: kati ya 2012 na 2018 huduma za pesa za simu, zikiwemo Tigo Pesa na Airtel Money, ziliingia hadi vijijini. Umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Chini ya pointi mbili kwa miaka sita! Lakini kati ya 2007 na 2011/12, pesa za simu zilipokuwa ndiyo kwanza zinachipua, ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 34.4 hadi hiyo 28.2. Mtu akitumia njia yako ya kuoanisha tarehe, angeweza kuandika insha kwamba pesa za simu zilipunguza kasi ya vita dhidi ya umaskini Tanzania. Insha hiyo ingekuwa mbovu kwa ubovu uleule wa yako. Sisemi kwamba Tanzania inakanusha athari ya M-Pesa. Ninasema kwamba tarehe zinazolingana Kenya hazilingani hapa, na hoja inayotegemea tarehe peke yake haina la kujibu.

Pengine ulishafikiri njia nyingine: kuacha tarehe, ukalinganisha wanaotumia M-Pesa na wasiotumia. Ukifanya hivyo utakuta watumiaji wana hali nzuri zaidi, na utafurahi bure. Mwaka 2008, nani alisajiliwa mapema? Mwenye simu, mwenye kitambulisho, anayesoma ujumbe mfupi bila kusaidiwa, aliye na ndugu mjini wa kumtumia pesa. Huyo alikuwa na nafuu kabla hajasajiliwa. Hapo ni nafuu iliyoleta M-Pesa, na wewe unasoma mshale kinyumenyume.

Upande wa mawakala mshale huohuo unaonekana vizuri zaidi. Uwakala unahitaji mtaji uliogawanyika sehemu mbili: noti kwenye droo na floti kwenye simu. Noti zikiisha, mteja anayekuja kutoa pesa anaambiwa arudi baadaye. Floti ikiisha, anayekuja kuweka anaambiwa vivyo hivyo. Mwenye duka akiona wateja wanaondoka mara mbili tatu kwa siku, anahamia penye mzunguko. Kwa hiyo mawakala hujaa kwenye senta zenye stendi, soko na mishahara. Ukichora ramani ya mawakala juu ya ramani ya maendeleo utaona zinafanana, na kufanana huko kunaweza kuwa kumetoka kwa mwenye duka kuchagua mahali, wala si kwa duka kubadilisha mahali.

Sasa nikujibu sehemu ya pili, lini unaruhusiwa. Kwa bahati kuna wachumi wawili waliolifanyia kazi swali lako hasa: Tavneet Suri na William Jack. Jinsi walivyolishughulikia ni somo zuri kuliko kanuni yoyote ninayoweza kukuandikia.

Walifuata kaya zilezile za Kenya kwa miaka kadhaa kuanzia 2008, wakarudi kwao kwa mara ya mwisho 2014. Hawakuishia kuuliza nani anatumia M-Pesa na nani hatumii. Walihesabu mawakala walioongezeka ndani ya kilometa moja kutoka kila kaya kati ya 2008 na 2010, kisha wakaangalia hali ya kaya hizo 2014. Tafakari kwa nini. Kujisajili ni uamuzi wako, na unakuja na elimu yako, kipato chako na ndugu zako. Wakala kufungua kibanda mita mia tatu kutoka nyumbani kwako hukuamua wewe. Kaya mbili zinazofanana, moja imesogezewa wakala na nyingine bado, zinakupa kitu ambacho tarehe haziwezi kukupa: picha ya mambo yangekuwaje bila M-Pesa. Na kumbuka kaya zote hizo zilipitia katiba ileile, ukame uleule na serikali ileile. Mambo yaliyompata kila mmoja kwa pamoja yanajifuta yenyewe kwenye ulinganisho.

Utaniuliza: si umesema mawakala hufuata mahali penye pesa? Ndiyo, na wao walijua. Kwa hiyo walipima kama kaya zilizokuja kupata mawakala wengi zilikuwa tayari zinakwenda mbio kuliko nyingine kabla mawakala hawajafika. Katika kazi yao ya awali, iliyotoka 2014, walichukua hata takwimu za kaya za vijijini zilizokusanywa kabla ya M-Pesa kuwepo, wakaangalia kama athari "inaonekana" pale ambapo haiwezi kuwepo. Haikuonekana. Jaribio la namna hii nalipenda kuliko yote. Ukiona alama za nyayo za mgeni siku moja kabla hajafika, jua nyayo si zake. Kwenye insha yako lingekugharimu aya moja tu: tafuta kama mabadiliko unayoyasifu yalikuwa yameshaanza kabla ya sababu unayoitaja. Ile hesabu ya 1997 ilikuwa jaribio hilo kwa njia ya mkono.

Lakini kilichonishawishi mimi binafsi ni njia waliyoionyesha ambayo athari ilipitia. Kabla ya 2007, kijana aliyefanya kazi Nairobi akitaka kumtumia mama yake Kitui shilingi elfu mbili, alitia bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, au akamngoja jirani anayekwenda nyumbani, au akaenda posta. Sasa mtoto kaugua nyumbani Jumanne usiku. Bahasha itafika Ijumaa, ikifika. Mama anauza mbuzi, au anapunguza unga ili alipe zahanati. Kwa M-Pesa, elfu mbili zinaingia jioni ileile, mbuzi anabaki zizini na sufuria haipungui.

Kama hiyo ndiyo njia, basi kuna jambo tunaweza kulitabiri kabla ya kufungua takwimu: tofauti kati ya wenye M-Pesa na wasio nayo isijitokeze sana siku za kawaida, ijitokeze siku za shida. Ndivyo walivyokuta katika ile kazi ya 2014. Kaya zisizotumia, zikipigwa na msukosuko kama ugonjwa au mavuno kuharibika, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Kaya zenye M-Pesa zikipigwa na msukosuko uleule, matumizi hayakutikisika. Na zilikuwa zimepokea pesa zaidi, kutoka kwa watu wengi zaidi. Nimewahi kusimamia wadadisi wa tafiti za kaya, najua kipimo cha umaskini kinatoka wapi: kinatoka kwenye maswali kama "siku saba zilizopita mlikula unga kilo ngapi?" Kwa hiyo sufuria isiyopungua wiki ya ugonjwa inaonekana moja kwa moja kwenye takwimu. Njia imekamilika kutoka simu hadi fomu, na kila hatua yake ingeweza kupimwa ikakutwa ya uongo.

Insha yako haina hatua hata moja kati ya hizo. Ina M-Pesa mwanzoni, umaskini mwishoni, na katikati ni patupu. Msomaji anapajaza mwenyewe kwa kuwa anaipenda M-Pesa.

Mwaka 2016 wakakadiria kwamba upatikanaji wa M-Pesa uliziinua kaya 194,000 kutoka kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake. Wanawake kama 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara ndogo. Weka asilimia 2 hiyo kando ya pointi zako 10.5. Mistari ya umaskini iliyotumika si ileile, na wao wanahesabu kaya ilhali takwimu zako zinahesabu watu, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine kama hesabu ya darasa la nne. Lakini ukubwa unauona. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka, wenye matokeo mazuri yaliyosifiwa dunia nzima, wanaipa M-Pesa takriban moja ya tano ya kile ambacho insha yako imeipa kwa sentensi moja. Hii ndiyo sababu hasa ya kujali tofauti ya pungua na punguza. M-Pesa ilikuwa na athari, ndiyo, lakini asiyetenganisha mambo haya humkabidhi mshiriki mmoja mshahara wa timu nzima.

Na hata hao hawakuachwa. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere walichapisha ukosoaji mkali. Hoja yao moja ninaiona nzito: ukihesabu wanawake walioingia kwenye biashara, hesabu pia biashara zilizokufa, na jirani aliyepoteza wateja baada ya kibanda kipya kufunguliwa. Mama akifungua genge kando ya genge, na wanunuzi ni walewale, faida ya mmoja inaweza kuwa hasara ya mwingine. Walisema pia madeni hayakuangaliwa ipasavyo. Kwa maoni yangu, hoja hizi zinaupunguza uhakika kuhusu ile 194,000 na kuhusu biashara, lakini haziligusi sana lile la msukosuko na asilimia 7, ambalo limesimama kwenye ushahidi wake tofauti. Insha nzuri ingetenganisha hayo mawili: dai moja uliseme kwa sauti, jingine uliseme kwa kadirio.

Usielewe kwamba lazima uzunguke na dodoso miaka sita ndipo uandike punguza. Wewe ni mwandishi wa insha, unaweza kusimama juu ya kazi ya waliozunguka. Ila kabla ya kuandika kitenzi cha kutendesha uwe na jibu la maswali niliyoyapitia: mabadiliko yalikuwa yameanza lini, nani hakupata sababu hiyo na hali yake ikawaje, mshale ungeweza kwenda kinyume, na ni kupitia mkono wa nani, siku gani, jambo la kwanza liligusa la pili. Ukikosa hata moja, tumia pungua na baada ya; hakuna aibu katika sentensi inayosema kiasi inachokijua.

Aya yako ya ufunguzi mimi ningeiandika hivi: "Kati ya 2005/06 na 2015/16 sehemu ya Wakenya wanaoishi katika umaskini ilipungua kutoka asilimia 46.6 hadi 36.1, ikiendeleza mteremko ulioonekana tangu miaka ya tisini. M-Pesa, iliyoanza 2007, ni moja tu kati ya mabadiliko mengi ya kipindi hicho. Tafiti zilizolinganisha kaya kulingana na ujio wa mawakala karibu nazo zinaonyesha kwamba ilizikinga kaya zisipunguze matumizi wakati wa shida, na inakadiriwa, ingawa kwa ubishi, kwamba iliinua karibu asilimia 2 ya kaya kutoka kwenye umaskini."

Utaona nimeacha kitenzi kimoja cha kutendesha bila kukilegeza, "ilizikinga". Hicho nimekilipia kwa zile asilimia 7. "Iliinua" nimeifunga kwa "inakadiriwa" na "kwa ubishi". Ukikata maneno ili insha itoshe kurasa, hayo mawili usiyakate.